Kusafisha unukuzi wa ujumbe wa sauti bila kumpokonya msemaji maneno yake

Kazi yangu ni kunukuu sauti na kuzihariri. Kwa miaka kadhaa sasa, sehemu kubwa ya ninazoletewa ni ujumbe wa sauti wa simu: mtu amezungumza dakika mbili au tatu akiwa anatembea au yuko kazini, na anataka maneno yake yawe ujumbe wa maandishi ambao mwenzake ataweza kuusoma na kuufanyia kazi. Wengi hudhani kwamba kazi hiyo ni kufuta kila "eee", kila "yaani" na kila sentensi iliyokatika. Katika Kiswahili cha kuzungumza, maneno yanayofanana na makapi mara nyingi ndiyo yaliyobeba punje, na anayeyapepeta kwa haraka huishia kuandika ahadi ambayo msemaji hakuitoa.

Nitaeleza kwa mfano mmoja, ambao nauweka hapa kwa ruhusa ya mwenyewe. Msimamizi wa ujenzi alimtumia mwenye nyumba, ambaye yuko mbali, ujumbe wa sauti siku ya Jumatano saa 3 usiku. Unukuzi wake ulikuwa hivi:

"Haloo bosi, shikamoo, eee, habari za huko. Sasa bosi, yaani nilikuwa nataka nikwambie, eee, ile kazi ya, lile jengo limefika kwenye lenta, yaani tumemaliza kozi zote, lenta yenyewe bado, tumefunga nondo tu. Sasa zege tulisema tumwage Alhamisi, si ndiyo, lakini yule mzee wa mchanga, unajua alifiwa na shemeji yake, tulikwenda mazikoni kule, watu walikuwa wengi kweli kweli, basi gari lake likawa halijatoka, mchanga ataleta kesho, aa, kesho kutwa, nadhani kesho kutwa. Saruji ipo mifuko kumi na mbili, inatakiwa kama ishirini, aa-aa, ishirini na mbili, kwa hiyo kumi hivi. Na zile nanii hazijafika, na fundi wake atakuja mpaka apate nauli. Kwa hiyo bosi ukiweza tuma ile laki na nusu, yaani ya saruji, na vijana elfu arobaini na tano zao za juzi. Haya bosi, mvua nayo huku, we acha tu."

Kabla ya kufuta neno lolote, niliusikiliza mara moja huku nikifuata maandishi kwa kalamu, kwa sababu karatasi haionyeshi mahali msemaji alipositasita wala alipopandisha sauti. "Eee" ya kutafuta neno na "ee" ya kukubali huandikwa karibu sawa, lakini masikioni ni vitu viwili tofauti kabisa. Vivyo hivyo "aa" ya kusita na "aa-aa" ya kukataa. Katika ujumbe huu "aa-aa" iliyo kwenye saruji ni ukanushaji kamili: msemaji anaifuta ishirini na kuweka ishirini na mbili. Hesabu yenyewe inathibitisha, kwa kuwa 22 ukitoa 12 unabaki na 10, na ndiyo "kumi" anayoitaja mara tu baada ya hapo. Kanuni ya kushika kauli ya mwisho pale msemaji anapojisahihisha hufaa mara nyingi, lakini mimi hutafuta kwanza kitu kingine ndani ya ujumbe uleule kinachoiunga mkono.

"Yaani" imetajwa mara tatu, na kila mara ina kazi yake. Ya kwanza, "yaani nilikuwa nataka nikwambie", ni pumzi tu, nayo huondoka pamoja na maneno yanayoifuata. Ya pili inafafanua: jengo kufika kwenye lenta, ule mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha, maana yake ni kwamba kozi zote za matofali zimekwisha, si kwamba lenta imemwagwa. Mwenye nyumba akisoma "limefika kwenye lenta" peke yake anaweza kuamini kwamba kazi imeenda mbele kuliko ilivyo. Ya tatu ndiyo inayosema laki na nusu ni ya nini. Anayetumia kompyuta kutafuta kila "yaani" na kuifuta kwa mkupuo hataharibu sentensi yoyote, ila atakuwa amepoteza alama iliyomwonyesha wapi kuna maelezo ya kubakizwa.

Maneno ya kukadiria yanahitaji uangalifu zaidi, na hapa ndipo nawaona wahariri wengi wakikosea. "Kama", "hivi", "nadhani" na "labda" husikika kama maneno ya kujazia, na ujumbe huonekana wa kujiamini zaidi yakiondolewa. Lakini msimamizi hakusema mchanga utaletwa kesho kutwa. Alisema anadhani utaletwa kesho kutwa. Hakusema mifuko kumi. Alisema kumi hivi. Nikiyafuta nitakuwa nimemfunga kwa ahadi ambayo kinywa chake kilikwepa kuitoa, na mchanga usipofika lawama itamwangukia yeye, si mimi. "Hivi" ikifuata kiasi ni makadirio na hubaki. "Hivi" ya kufungulia swali, kama katika "hivi unajua", inaweza kuondoka.

Tuje kwenye "nanii", neno linaloshika nafasi ya jina lililopotea kichwani. Mtu akiliona kwenye unukuzi hudhani kwamba habari imepotea, lakini mara nyingi upatanisho wa kisarufi umeihifadhi nusu yake. Msimamizi alisema "zile nanii hazijafika". Kama angekuwa anafikiria mabati angesema "yale hayajafika", na kama ni vifaa, "vile havijafika". "Zile" inatubakizia vitu vichache kwenye kazi ya lenta: nondo, mbao na kokoto. Nondo alishasema zimefungwa. Kisha anamtaja fundi wa kitu hicho, na kokoto hazina fundi. Zinabaki mbao za kufungia lenta, na fundi wake ni seremala. Pamoja na hayo sikuandika "mbao" kwa kujiamini kwangu, kwa sababu watu wakizungumza haraka huchanganya upatanisho, na mtu anaweza kusema "zile" kwa kitu ambacho kwenye maandishi angekiita "yale". Niliandika "mbao" nikaweka alama ya kuuliza.

Kosa kubwa zaidi katika unukuzi huu lilikuwa limejificha kwenye herufi moja. Kijana aliyenisaidia kunukuu aliandika "fundi wake atakuja mpaka apate nauli", na ndivyo inavyosikika kweli, kwa kuwa wasemaji wengi huimeza "h" ya mwanzo wanapokwenda kasi. Tatizo ni kwamba katika kitenzi hiki "h" ndiyo inayobeba ukanushi wote. Ukiimeza katika "hajafika", inabaki "ajafika", na msikilizaji bado anaelewa kwamba mtu huyo bado, kwa sababu "-ja-" imeshika maana. Ukiimeza katika "hatakuja", unapata kinyume chake, bila alama yoyote ya kukuonya. Kilichoniokoa ni "mpaka". Hakuna anayesema "atakuja mpaka apate nauli". Husemwa "hatakuja mpaka apate nauli". Nilirudia sauti hiyo mara nne na bado sikuisikia "h", lakini sentensi haikubali maana nyingine. Tangu siku hiyo kila "ata-" na kila "ana" ninayoikuta kwenye unukuzi hupimwa na maneno yanayoizunguka kabla sijaipitisha.

Kuhusu kutoka nje ya mada, habari ya mazishi ndiyo iliyonisumbua. Umati wa watu mazikoni hauhusiani na ujenzi, nao unaondoka. Msiba wenyewe haukuondoka, kwa sababu mbili. Kwanza ndio uliochelewesha mchanga. Pili, kwa desturi zetu mwenye nyumba akishaambiwa kwamba mtu anayefanya naye biashara amefiwa, anatarajiwa kutoa pole, na mhariri hana haki ya kumnyima nafasi hiyo. Nilipofupisha, tatizo jingine likajitokeza: "ataleta" ikawa imekaa karibu na shemeji, ambaye ni marehemu. Kiambishi "a-" humshika mtu yeyote yule, na kwenye mazungumzo sauti ndiyo inayotuonyesha ni nani. Kila unapokata habari iliyo nje ya mada, rudi uangalie "a-" na "-ake" zilizobaki, na mahali penye shaka mrudishe mtu kwa jina au kwa kazi yake.

Siku nazo zinahitaji kubadilishwa. "Kesho kutwa" iliyosemwa Jumatano usiku ni Ijumaa, lakini mwenye nyumba akiisoma Alhamisi asubuhi ataihesabu kuwa Jumamosi. "Juzi" nayo inakuwa Jumatatu. Fedha nimeziandika kwa tarakimu, na kabla ya hapo nikagawanya 150,000 kwa mifuko 10, nikapata 15,000 kwa mfuko bila salio.

Baada ya hapo nilimpigia msimamizi simu nikiwa na maswali manne tu, maana mtu aliye kazini hatavumilia kumi: zile ni mbao? Nauli ya fundi ni kiasi gani, na imo ndani ya fedha anazoomba? Zege la Alhamisi limeahirishwa? Mvua ni salamu au inazuia kazi? Alijibu kwamba ni mbao. Nauli ni 10,000 na alisahau kuiomba. Zege haliwezi kumwagwa Alhamisi na siku mpya ataitaja mbao zikifika. Mvua ni mazungumzo tu. Ujumbe uliokwenda ni huu:

"Shikamoo bosi. Ukiweza, naomba utume 205,000: saruji 150,000 (mifuko 10 hivi, iliyopo ni 12, inatakiwa kama 22), vijana 45,000 zao za Jumatatu, na nauli ya fundi seremala 10,000. Fundi hatakuja mpaka apate nauli hiyo, na mbao za lenta bado hazijafika. Kozi zote zimekwisha na nondo zimefungwa, lakini zege la lenta halitamwagwa Alhamisi kama tulivyosema. Mzee wa mchanga amefiwa na shemeji yake, kwa hiyo gari lake halikutoka. Nadhani mzee ataleta mchanga Ijumaa. Siku ya zege nitakutajia mbao zikifika."

Ombi nimelitanguliza, ingawa yeye aliliweka mwisho, kwa sababu ndilo linalomtaka msomaji afanye jambo. "Bosi" na "ukiweza" vimebaki. Ningeandika "Mheshimiwa" au "unatakiwa kutuma", mwenye nyumba angejua mara moja kwamba anayezungumza si msimamizi wake.

Usafi wa namna hii haufai kila mahali. Pakiwa na mgogoro wa malipo, au maneno yakihitajika kama ushahidi, ninanukuu kila kitu kilivyo, pamoja na kusita na sentensi zilizokatika, na sigusi mpangilio. Hata kwa ujumbe wa kawaida, ninamshauri mteja asiifute sauti ya awali mpaka kazi iliyotajwa ndani yake ikamilike. Ujumbe huu wa lenta ulihitajika tena wiki iliyofuata, vijana walipouliza kama zile 45,000 zilikuwa za Jumatatu peke yake.