Je, wajua kwa nini wali hudunda?

"Nimefinya tonge la wali wa jana nikalipiga mezani, likadunda. Huu si ndio ule mchele wa plastiki wanaouonesha kwenye video za magrupu?"

Sio. Mchele wowote mzuri, wa mapembe au wa Mbeya, unaweza kufanya hivyo ukishapikwa ukapoa, na sababu yake ni ileile inayoifanya haluwa ya Wete itikisike. Punje ya mchele karibu yote ni wanga. Mpika haluwa anapokoroga wanga na maji ya sukari, mwanzo ni ujiuji mweupe tu. Moto ukikolea, chembe za wanga hunywa maji, huvimba, na nyuzi zake hufumuka. Ikipoa, nyuzi hushikana tena na kuyafungia maji ndani, likatoka donge linalobonyea na kurudi. Ndani ya punje ya wali hupita hayohayo. Ukilifinya tonge unatoa hewa na kuzigandisha punje pamoja, basi nalo hurudi linapopigwa.

Plastiki haiwezi kuvimba hivyo, kwa sababu hainywi maji. Kikombe kimoja cha mchele hutoa karibu vikombe vitatu vya wali. Vipande vya plastiki hata uvichemshe kutwa, vitabaki kikombe kilekile. Kwa hiyo wali uliojaa sufuria umeshajitetea wenyewe kabla haujafika mezani. Kile kipimo cha kutia mchele majini uone kama punje zinaelea nisingekitegemea: plastiki ya mifuko huelea, ya mabomba ya PVC huzama, na mchele uliotobolewa na fukusi nao huelea.

Nigeria, Desemba 2016, forodha ilikamata magunia 102 ya "mchele wa plastiki". Maabara ikakuta ni mchele kweli, ila una vijidudu kupita kiwango kinachoruhusiwa. Kosa lilikuwepo, ila si lile lililotangazwa.

Kwenye grupu, video usiisambaze tena hata ukiiandikia "uongo", maana wengi wataitazama na maandishi hawatayasoma. Andika hivi: "Jamani, wali hudunda kwa sababu ya wanga. Pika kikombe kimoja cha mchele huohuo. Ukitoa kama vitatu, si plastiki. Nani ana gunia lake? Tupigie picha lebo, na utwambie umenunua duka gani." Mara nyingi hapo hajitokezi mtu. Akijitokeza, mchele na gunia lake vipelekwe Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar, kwani sufuria haiwezi kuonesha sumu ya ukungu wala mabaki ya dawa.

Tonge lenyewe, lakini, kama lililala mezani kwenye joto, usilile. Mbegu za bakteria aitwaye Bacillus cereus hazifi wali unapochemka. Usiku humea na kutoa sumu ya kutapisha, na sumu hiyo haiondoki hata kiporo ukikipasha moto vipi.