Simu ya 4G inavyojiunga na mtandao na kupewa anwani ya IP

Vipau vya mawimbi vinavyoonekana juu ya kioo cha simu vinaeleza jambo moja tu, kwamba simu inausikia mnara vizuri. Havisemi kama simu imekwisha kupata anwani ya IP, na bila anwani hiyo hakuna ukurasa utakaofunguka hata kama bando ni kubwa. Anwani haitolewi na mnara, wala haijaandikwa ndani ya laini. Inatolewa na kiini cha mtandao, yaani mitambo ya kampuni ya simu ambayo mara nyingi iko katika jiji jingine kabisa, na hutolewa baada ya hatua nyingine kadhaa kukamilika. Hapa nitaifuata simu moja ya 4G yenye laini ya Tanzania, inayowashwa Mwanza.

Simu ikishapata mnara unaofaa, inatuma ombi la kujiunga. Ndani ya ombi hilo kuna mambo mawili kwa pamoja: utambulisho wa mteja, na maombi ya kufunguliwa njia ya data. Mnara hauamui lolote kuhusu ombi hilo, bali unalipeleka kwa mtambo unaoitwa MME, ambao ndio unaosimamia kuingia, kuhama na kutoka kwa simu zote za eneo lake. Kama simu ilikuwa kwenye mtandao huo siku za karibuni, hujitambulisha kwa namba ya muda iliyopewa safari iliyopita, ili namba yake ya kudumu isipite hewani ovyo. MME isipoitambua namba hiyo ya muda, huiomba simu itaje ile ya kudumu, IMSI, yenye tarakimu zisizozidi 15. Tatu za mwanzo ni za nchi: 640 kwa Tanzania, 639 kwa Kenya. Zinazofuata ni za kampuni, na zilizobaki ni za mteja mwenyewe. Namba ya simu tunayopeana kila siku haitumiki katika hatua hii.

Sasa MME inajua simu inadai kuwa nani, lakini bado haijathibitisha. Inauliza hifadhidata kuu ya wateja, HSS, ambamo kila laini ina ufunguo wa siri wa biti 128. Nakala nyingine ya ufunguo huo imo ndani ya laini yenyewe, na hazisafirishwi kamwe. HSS huchukua namba ya kubahatisha, huichanganya na ufunguo, kisha huipa MME namba hiyo pamoja na jibu linalotarajiwa. MME hutuma namba kwa simu bila jibu. Laini hufanya hesabu ileile na kurudisha jibu lake, na majibu mawili yakilingana, mteja amethibitishwa. Kuna upande wa pili ambao watu wengi hawaujui: kabla ya kujibu, laini hukagua alama iliyoambatanishwa na namba ile ili kuhakikisha kwamba mtandao wenyewe ni wa kweli. Mnara bandia usioweza kupata alama hiyo kutoka kwa HSS hukwama hapo. Baada ya uthibitisho, simu na MME hukubaliana funguo za kulinda mazungumzo yao, na ujumbe unaofuata hulindwa usichezewe.

MME kisha huiarifu HSS kwamba mteja huyu sasa yuko chini yake, na HSS huitumia MME taarifa za huduma alizoandikishiwa mteja, likiwemo jina la lango analoruhusiwa kutokea kwenda intaneti, yaani APN. Hapo ndipo safari ya anwani inapoanza. Kwa kutumia jina hilo, MME hutafuta mtambo wa lango, P-GW, na kuupelekea ombi la kufungua kikao kupitia mtambo wa kati uitwao S-GW. Lango lina fungu la anwani lililotengewa APN hiyo. Huchagua moja iliyo huru, tuseme 10.40.7.23, huandika kwamba ni ya mteja huyu, na kuirudisha pamoja na anwani za seva za DNS, zinazogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za IP. Jibu hupita kwa MME, kisha kwa mnara, hadi simu ipokee ujumbe wa kukubaliwa ukiwa na anwani ndani yake. Simu hujibu kwamba imekamilisha, na mnara na S-GW huambiana namba za njia watakazopitishia data. Tangu hapo kila pakiti, yaani kipande cha data, ya mteja huwekwa ndani ya pakiti nyingine, kama barua ndani ya bahasha, na hufunguliwa langoni tu. Ndiyo maana mteja akisafiri kwa basi kutoka Mwanza kwenda Shinyanga, minara inabadilika lakini anwani yake inabaki ileile: bahasha zinabadilishwa anuani, barua haiguswi. Haya yote kwa kawaida hukamilika ndani ya sekunde chache.

Kasoro ninayotaka kuieleza kwa kirefu ni ya fungu la anwani kuisha. Katika 4G, simu hushika anwani muda wote iliojiunga, hata ikiwa imelala mfukoni. Kwa hiyo fungu lazima lihesabiwe kwa simu zilizojiunga, si kwa watu wanaoperuzi kwa wakati mmoja. Chukulia lango lililotengewa 10.40.0.0/20, lenye anwani 4,096. Simu 4,200 zikitaka kujiunga, zaidi ya mia moja zitakataliwa, ingawa mawimbi yamejaa na uthibitisho umepita. Mhandisi akifungua ujumbe wa kukataliwa ataona sababu imeandikwa hivi:

```
Insufficient resources (26)
```

Jina la APN likiwa limekosewa, sababu huwa ni namba 27, `Missing or unknown APN`. Tofauti ya tarakimu moja hapa ni tofauti kati ya kurekebisha lango na kurekebisha mipangilio ya simu.

Tatizo hilo huzidishwa na simu zinazoondoka bila kuaga. Simu inayozimwa kwa kawaida hutuma ujumbe wa kujiondoa, na anwani yake hurudi kwenye fungu mara moja. Simu iliyochomolewa betri haitumi chochote. Kwa vipimo vya msingi, simu iliyotulia hutakiwa kujiripoti kila dakika 54, na MME hungoja dakika 58 kabla ya kuihesabu kuwa haipatikani, kisha hungoja tena kwa muda uliopangwa na kampuni ndipo imwondoe mteja. Kwa muda wote huo, anwani imeshikwa na simu isiyokuwapo.

Kwa mteja wa kawaida, dalili ya kwanza ni simu isiyo na intaneti huku vipau vimejaa. Ombi la kujiunga likishindwa kwa sababu za namna hiyo, simu hujaribu tena baada ya sekunde 10, na ikishindwa mara tano hupumzika dakika 12 kabla ya kurudia, kama mtandao haujaipangia muda mwingine. Kuiwasha na kuizima hali ya ndege huanzisha ombi jipya bila kungoja. Katika simu nyingi za Android, anwani iliyopatikana huonekana kwenye taarifa za hali ya simu, ndani ya sehemu ya “Kuhusu simu”. Ikiwa namba yake kabla ya nukta ya kwanza ni 10, au iko kati ya 100.64 na 100.127, ni anwani ya ndani ya mtandao, na tovuti unayoitembelea itaona anwani nyingine ambayo wateja wengi wanaitumia kwa pamoja.