Je, wajua kwa nini holi nzuri inaweza kumeza maneno?

"Tumemaliza holi ya kanisa hapa Kisumu, taili chini, silingi ya jipsamu, spika mpya, lakini mhubiri akishika maiki tunasikia mngurumo tu, maneno hayashikiki. Shida ni spika ama ni jengo?"

Ni jengo. Sauti ikitoka inagonga ukuta, inarudi, inagonga silingi, inarudi tena, na kila ikigonga inapoteza nguvu kidogo tu kama kitu ilichogonga ni kigumu. Wataalamu wanapima muda ambao sauti inachukua kushuka desibeli 60 baada ya kukatwa, yaani mpaka nguvu yake ibaki sehemu moja kwa milioni. Huo ndio muda wa mwangwi.

Aliyegundua unategemea nini ni Wallace Sabine, mwalimu wa fizikia pale Harvard, Marekani. Mwaka 1895 alipewa kazi ya kurekebisha ukumbi wa mihadhara ambao wanafunzi hawangeweza kusikia mwalimu vizuri, sauti ilikuwa inakaa kama sekunde 5 na nusu. Akawa anabeba mito ya viti kutoka ukumbi wa jirani usiku, anaongeza kidogo kidogo, anapiga filimbi ya kinanda halafu anapima na saa. Hesabu iliyotoka hapo bado inatumika:

```
T = 0.161 × V ÷ A
```

T ni sekunde, V ni ujazo wa chumba kwa mita za ujazo, A ni jumla ya ufyonzaji, na A inapimwa kwa dirisha lililo wazi: mita mraba moja ya dirisha wazi inahesabiwa 1 kwa sababu sauti ikipita hapo hairudi.

Sasa tuchukue holi ya urefu mita 20, upana 12, kimo 6. Ujazo ni 1,440. Sakafu, silingi na kuta nne jumla ni mita mraba 864, na ukuta wa plasta, taili, vioo, hivi vyote vinafyonza kidogo sana, tuweke wastani wa 0.04. A inakuwa karibu 35, kwa hivyo T ni kama sekunde 6.6 holi ikiwa tupu. Watu 200 wakiingia, kila mmoja na nguo zake anafyonza karibu 0.45, unaongeza 90, A inafika 125 na T inashuka mpaka 1.9. Ndio maana sistem mkiitest Ijumaa holi ikiwa tupu inabadilika kabisa Jumapili, na ndio maana ibada ya katikati ya wiki yenye watu 30 ndiyo mbaya zaidi. Na kama mngeinua silingi ifike mita 9 ionekane ya kifahari, na watu ni walewale, T ingepanda mpaka kama 2.6.

Lakini si 1.9 ni kidogo tu? Kwa kwaya ni tamu hiyo. Kwa maneno hapana. Mtu akiongea anatoa silabi kama tano kwa sekunde, yaani kila silabi ina sekunde 0.2 hivi. T ikiwa 1.9, ndani ya huo muda sauti ya silabi iliyopita imeshuka desibeli 6 tu, na Kiswahili chetu karibu kila silabi inaisha na vokali, ambayo ndiyo yenye nguvu, halafu inafuatwa na p, t au k ambayo ni hafifu sana, kwa hivyo "a" ya nyuma inaifunika. "Wapate" na "wakate" zinakuwa kitu kimoja. T ikiwa 0.8, kwa muda uleule inashuka desibeli 15 na konsonanti inapata nafasi ya kusikika. Holi ya mahubiri ama mikutano ya saizi hii jaribu iwe karibu sekunde 1 ama chini kidogo.

Ndio maana kuongeza volyumu haisaidii, mwangwi nao unapanda pamoja na sauti. Kinachosaidia ni kuongeza A, na mahali rahisi ni silingi. Ukitoa jipsamu laini ukaweka bodi za kufyonza zenye 0.6, mita mraba 240 za silingi zinakupa 144, ukitoa zile 10 hivi za jipsamu, ile A ya 125 ya watu 200 inafika 259 na T ni 0.9. Kama pesa haitoshi anza na ukuta wa nyuma unaotazamana na jukwaa, halafu shusha spika zielekee watu badala ya kuta.

Trei za mayai achana nazo tafadhali, ni karatasi nyembamba, zinafyonza kidogo mno na zinashika moto haraka. Pazia jepesi lililolala ukutani nalo linapunguza ile sauti kali ya juu tu, besi inabaki ikivuma na holi inasikika imejaa matope, kwa hivyo chukua kitambaa kizito, kikunjwe mikunjo mingi na kikae mbali na ukuta angalau sentimita 10.