Mlio wa hewa tumboni si ushahidi kwamba mpira umefika

Wiki hii nimeambiwa tena: "Daktari, mpira wa kulishia uko tumboni, tumepuliza hewa na tumeisikia." Nimeshachoka kulijibu hili kwa simu, kwa hiyo naliandika.

Ukipuliza hewa kwa bomba la sindano huku stetoskopu iko juu ya tumbo, utasikia mlio hata kama ncha ya mpira iko kwenye pafu. Sehemu ya chini ya pafu imekaa juu tu ya tumbo, na sauti inapenya kiwambo, ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo, bila shida. Uingereza walitoa tahadhari ya kuacha kipimo hiki tangu mwaka 2005. Na msiniambie kwamba mgonjwa angekohoa: mgonjwa wetu mahututi amelazwa usingizi kwa dawa. Wala puto la mpira wa kupumulia halizuii kitu, maana mpira mwembamba wa kulishia unapita kando yake na kuteremka hadi pafuni.

Mgonjwa mmoja, kijana aliyeumia kichwa, aliwekewa mpira usiku. Picha ya eksirei ya kifua ikanifikia saa kumi na moja alfajiri. Fomu iliandikwa "angalia mapafu", basi, hakuna neno kuhusu mpira. Wenzangu wawili walikuwa wameshaitazama wakaridhika, kwa sababu ncha ilionekana chini ya kiwambo.

Hapo ndipo penye mtego. Kiwambo ni kuba. Ule mstari tunaouona kwenye picha ni kilele chake, lakini nyuma ya kuba pafu linateremka chini zaidi. Ncha iliyozama kwenye pafu la nyuma itaonekana iko chini ya mstari, kana kwamba imeingia tumboni. Ukiitazama ncha peke yake, utadanganyika.

Kwa hiyo mimi sianzi na ncha. Naanza shingoni na kuufuata mpira wote kwa jicho. Ukiwa kwenye umio, unashuka katikati hadi karina, pale bomba la hewa linapogawanyika, kisha unaipita ukiendelea kunyooka chini. Haufuati tawi lolote. Unavuka kiwambo karibu na katikati, ndipo unapinda kushoto, na ncha inaonekana wazi chini ya kiwambo cha kushoto. Jambo moja kati ya hayo likikosekana, chakula kisubiri.

Wa yule kijana ulifika karina ukakata kulia, ukafuata mkunjo wa tawi la kulia, ukateremka hadi nyuma ya kuba. Tawi la kulia ni pana na limesimama wima kuliko la kushoto, ndiyo maana mipira inapenda kwenda huko.

Nikampigia sista. "Chakula kimeanza?"

"Bado, Daktari. Ila nimesikia mwenyewe hewa ikiingia."

"Nakuamini kwamba umesikia. Utoeni, sista, na msiweke chochote ndani."

Mpira ulipotoka niliomba picha nyingine, kwa kuwa mpira ulioingia kina kile unaweza kutoboa pafu, na ukitolewa ndipo hewa inapovuja. Mgonjwa aliyelala chali hewa hiyo haipandi juu ya pafu kama kwa aliyeketi. Inakusanyika mbele na chini, na dalili ni ile kona kati ya mbavu na kiwambo kuwa nyeusi na kuchimbika kupita ya upande wa pili. Yake haikuwa hivyo.

Sasa mtauliza kuhusu kupima asidi. Ipimeni kwanza, ndiyo: majimaji yaliyovutwa kupitia mpira, yakiwa na pH ya 5.5 au chini, yanatosha kuanza kulisha. Lakini wengi wa wagonjwa hawa wako kwenye omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi tumboni, pH inapanda, na mara nyingi hakuna majimaji yanayovutika. Ndipo mnaniletea picha, na picha nayo ina udhaifu wake. Inapigwa kitandani, mgonjwa amepinda kidogo, waya za moyo zimepita juu ya kifua, na mpira mwembamba unapotea nyuma ya moyo. Zipo asubuhi ambazo natazama dakika kumi na bado siwezi kuapa. Siku hizo naandika "sijathibitisha" na naomba picha irudiwe, ikishuka hadi juu ya tumbo. Najua inaudhi zamu. Wodi zikikasirika, bado sibadilishi neno hilo.

Tena picha inasema mpira ulipokuwa wakati ule tu. Mgonjwa akigeuzwa, akitapika au akivutwa kamasi, unaweza kuhama. Ndiyo maana nataka alama ya sentimita puani iandikwe kwenye chati.

Mpira wa pili wa yule kijana uliipita karina ukiwa umenyooka, ukapinda kushoto chini ya kiwambo. Sista aliandika sentimita 58 puani, na maziwa yakaanza saa nne asubuhi.