Jiwe la chokaa huvunjika kwenye nyuzi ngapi? Dhana potofu na ukweli wake

Dhana: Jiwe la chokaa huvunjika likifika nyuzi 840 za Selsiasi, basi.

Namba hii imeenea sana madarasani, na chanzo chake ni hesabu sahihi inayosomwa vibaya. Kalsiamu kabonati, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya jiwe la chokaa na la matumbawe, ikipata moto wa kutosha hubaki oksidi ya kalsiamu, yaani chokaa kali ambayo haijazimwa kwa maji, na kaboni dayoksaidi hutoka:

CaCO3 → CaO + CO2

Kuvunja moli moja, ambayo ni gramu 100 za jiwe safi, kunahitaji kilojuli 178.3. Hiyo ndiyo enthalpia ya mmenyuko. Entropia nayo, yaani kipimo cha mtawanyiko wa chembe na nishati, huongezeka kwa juli 160.6 kwa kila kelvini. Ongezeko hilo limeletwa na gesi: kaboni dayoksaidi peke yake ina 213.7 na chokaa ina 39.8, ilhali jiwe lilikuwa na 92.9 tu. Ukigawanya enthalpia kwa entropia unapata joto ambalo pande mbili za mmenyuko zinalingana:

178,300 ÷ 160.6 = kelvini 1,110, sawa na nyuzi 837.

(Anayepata kelvini 1.1 amesahau kugeuza kilojuli kuwa juli. Kosa hili hutokea mara nyingi.)

Hesabu yenyewe haina dosari. Kinachosahaulika ni sharti lililojificha ndani yake. Ile 213.7 ya majedwali ni entropia ya kaboni dayoksaidi ikiwa na mgandamizo wa bari 1. Kwa hiyo nyuzi 837 ni makadirio ya jiwe lililozungukwa na kaboni dayoksaidi tupu ya bari 1. Mazingira yakiwa mengine, fomula ni hii:

T = ΔH / (ΔS − R ln P)

ΔH ni ile enthalpia, ΔS ni lile ongezeko la entropia, R ni namba thabiti ya gesi, 8.314, na P ni mgandamizo wa kaboni dayoksaidi kwa bari. P ikiwa chini ya 1, logi yake ni hasi, kigawanyo kinakua na joto linashuka. Chukua tanuri ambalo robo ya gesi zake ni kaboni dayoksaidi, P = 0.25. Logi asilia ya 0.25 ni −1.386, mara 8.314 ni −11.5. Kigawanyo kinakuwa 172.1, na jibu ni kelvini 1,036, yaani nyuzi 763. Sasa chukua hewa ya kawaida, P = 0.00042. Kigawanyo kinafika 225.2 na joto linashuka hadi nyuzi 519. Jiwe ni lilelile, lakini tofauti imezidi nyuzi 300.

Anayeshangaa akumbuke kwamba hata maji, karibu na kilele cha Kilimanjaro ambako mgandamizo wa hewa ni mdogo, huchemka kwenye nyuzi kama 80. Ila kwa jiwe la chokaa kinachohesabiwa ni mgandamizo wa kaboni dayoksaidi peke yake. Naitrojeni iliyojaa tanurini haizuii mmenyuko huu hata kidogo; kinyume chake, inasaidia kwa kuisukuma kaboni dayoksaidi itoke.

Dhana: Vipimo vya maabara vinatoa karibu nyuzi 895, kwa hiyo vifaa vina kasoro, au hesabu haifai.

Vyote viwili ni vizima. Enthalpia na entropia tulizotumia zimepimwa kwenye nyuzi 25, nasi tukazibeba hadi zaidi ya nyuzi 800 kana kwamba hazibadiliki. Kumbe zinabadilika, kwa sababu jiwe linahitaji joto zaidi kupanda nyuzi moja kuliko chokaa na gesi yake vikijumlishwa. Ukikaribia nyuzi 900, enthalpia inakuwa imeshuka hadi karibu kilojuli 167, na entropia hadi karibu juli 143. Gawanya tena: 167,000 ÷ 143 = kelvini 1,168, yaani nyuzi 895.

Zote zimeshuka, lakini entropia imeshuka kwa kiwango kikubwa zaidi, ndiyo maana jibu limepanda. Ukitumia namba hizi mpya kwa tanuri lile la robo, nyuzi 763 zinakuwa kama 808. Kwa hewa ya kawaida masahihisho ni madogo, yapata nyuzi 15 tu, kwa kuwa safari kutoka nyuzi 25 ni fupi zaidi. Binafsi ningependa kila mwalimu aandike jibu la kwanza kama "karibu 840, na halisi liko juu kidogo", ili mwanafunzi asije akadhani kipimo kimemsaliti.

Dhana: Kama hewani inatosha nyuzi 519, basi wachoma chokaa wanapoteza kuni bure.

Hapa ndipo hesabu na tanuri vinapoachana. Fomula inasema mmenyuko unaruhusiwa. Haisemi utachukua muda gani. Tena jiwe lenyewe linatoa gesi. Chembe ndogo ya unga iliyopepewa na hewa inaweza kukaribia hali ya P = 0.00042, lakini kiini cha jiwe kubwa hakiko hewani. Gesi yake lazima ijipenyeze kupitia vitundu vya chokaa iliyokwisha kuiva nje, na ili isogee, mgandamizo wake huko ndani hupanda hadi karibu bari 1. Kwa hiyo ganda linaweza kuvunjika mapema, huku kiini kikisubiri nyuzi 900 au zaidi. Moto nao lazima upite kwenye ganda hilohilo kuingia ndani, na kila kilo ya jiwe inakula karibu kilojuli 1,780 kwa kuvunjika tu, mbali na joto la kulipasha.

Ndiyo sababu katika uchomaji wa jadi wa pwani yetu, ambapo mawe ya matumbawe hupangwa juu ya rundo la duara la magogo na kuchomwa mahali pa wazi, ukubwa wa jiwe una maana kubwa. Upepo unaondoa gesi nje ya jiwe, lakini hauwezi kuingia ndani yake.

Mizani inakuonyesha kama jiwe limeiva. Jiwe safi na kavu likivunjika lote, kilo 100 hubaki kilo 56. Tuseme jiwe la kilo 2.00 limetoka likiwa kilo 1.30. Limepoteza kilo 0.70, wakati lilipaswa kupoteza 0.88, hivyo limeiva asilimia 80 hivi. Lipasue: kiini kibichi kikitiwa siki kinatoa povu la gesi, na kikitiwa maji hakilainiki bali hubaki donge gumu. Lakini kuzidisha moto kupita kiasi si dawa, maana chokaa iliyoungua sana hukaza vitundu vyake na kuzimika polepole mno.

Dhana: Mmenyuko ukishamalizika, chokaa haiwezi kurudi kuwa jiwe.

Fomula ileile inafanya kazi pande zote mbili. Kwenye nyuzi 600 mgandamizo wa msawazo, yaani ule ambao pande mbili zinalingana, ni kama bari 0.003 tu. Chokaa ikipoa polepole ndani ya tanuri ambalo robo ya gesi zake bado ni kaboni dayoksaidi, basi mara tu joto likishuka chini ya zile nyuzi 808, uso wake unaanza kunyonya gesi na kujivika tena kalsiamu kabonati. Uzito unapanda kidogo, na mpimaji asiyejua atadhani jiwe halikuiva, akaongeza kuni. Dawa ni kuipoza chokaa kwa hewa safi inayopita, ili kaboni dayoksaidi iondolewe kabla joto halijashuka.