Ukizima kila kitu gemu itakaa sawa? Dhana potofu na ukweli

Gemu ikianza kukwamakwama, ushauri wa kwanza ni uleule siku zote: zima uharakishaji kwa maunzi kwenye kivinjari, yaani ile swichi inayoipa kadi ya michoro kazi ya kivinjari, zima hiki na kile, ucheze raha mustarehe. Tatizo ni kwamba programu za pembeni hazili kitu kimoja. Ipo inayokula prosesa, ipo inayokula kadi ya michoro, nyingine diski, nyingine intaneti. Ukizima bila kujua kinacholiwa, unaweza kuuondoa mzigo penye nafasi na kuutupa palipokwisha kujaa. Mifano yangu ni ya Windows, maana ndiko wachezaji wengi waliko.

Dhana: Kuzima uharakishaji kwa maunzi kwenye kivinjari huiachia gemu nguvu zaidi, daima.

Kazi ya kufungua picha za video haitoweki ukibonyeza kitufe. Inahama. Kadi ya michoro ina sehemu yake maalumu ya kufungua video, tofauti na ile inayochora gemu. Fungua Task Manager kwa Ctrl+Shift+Esc, nenda Performance, kisha GPU: utaona mchoro wa 3D peke yake na wa Video Decode peke yake. Video ikicheza kwenye skrini ya pili, inayopanda zaidi ni Video Decode. Ukizima uharakishaji, kazi hiyo anaibeba prosesa, na kama gemu yako tayari imembana prosesa, umejiongezea tatizo.

Kuna hali moja ambapo kuzima husaidia kweli, nayo ni kumbukumbu ya kadi ikijaa. Chukua kadi ya gigabaiti 4. Gemu inataka 3.5, kivinjari chenye tabo kadhaa na video kimeshika 0.8. Jumla ni 4.3, na kile kilichozidi kinasukumwa kwenye kumbukumbu ya kawaida ya kompyuta, ambayo kadi huifikia polepole sana. Dalili yake ni kwamba wastani wa fremu unaonekana mzuri, lakini ukigeuza kamera ghafla au ukiingia eneo jipya, picha inaganda kidogo. Kwenye ukurasa uleule wa GPU, mstari wa Dedicated GPU memory utakuwa umegota juu na Shared GPU memory utakuwa unapanda. Ukiliona hilo, zima. Usipoliona, acha kama kulivyo.

Kwenye Chrome, swichi iko Settings, System, "Use graphics acceleration when available", na haifanyi kazi mpaka ubonyeze Relaunch. Kuhakikisha, andika `chrome://gpu` kwenye upau wa anwani usome mstari wa Video Decode. Na kama huangalii video yoyote unapocheza, habari yote hii haikuhusu: funga kivinjari. Ila angalia ukurasa uleule wa System kama "Continue running background apps when Google Chrome is closed" imewashwa, kwa sababu hapo kufunga dirisha si kufunga kivinjari.

Dhana: Dirisha la gumzo juu ya gemu halili kitu kama halionekani.

Hapa nitakuwa mfupi. Dirisha la Steam, kwa mfano, huingizwa ndani ya gemu yenyewe inapoanza, na linabaki humo hata kama hujawahi kubonyeza Shift+Tab. Kwa kawaida gharama yake ni ndogo. Balaa huja pale madirisha mawili au matatu ya programu tofauti yanapojipachika kwenye gemu moja: picha zinapepesa, gemu inazimika yenyewe. Bakisha moja. Ukizima mengine, funga gemu uifungue upya ndipo upime. Na kabla ya kulilaumu gumzo, nenda Settings ya Windows, Gaming, Captures, uone kama "Record what happened" imewashwa. Hiyo inarekodi mfululizo muda wote unaocheza, na mara nyingi ndiye mlaji mkubwa kuliko dirisha la gumzo.

Dhana: Kusawazisha na hifadhi ya wingu si tatizo, mafaili ya gemu ni madogo.

Huyu ndiye mwizi anayesahaulika, kwa sababu prosesa haipandi wala kadi haipandi. Gemu nyingi huweka maendeleo yako ndani ya folda ya Documents, na kwenye kompyuta nyingi folda hiyo imehamishiwa OneDrive bila mwenyewe kuwa na habari. Bonyeza kitufe cha kulia juu yake, chagua Properties, soma Location. Ukiona neno OneDrive kwenye njia hiyo, kila gemu inapojihifadhi, faili linaondoka kwenda wingu.

Piga hesabu. Tuseme faili la maendeleo ni megabaiti 60, na intaneti yako inapakia kwa megabiti 2 kwa sekunde. Megabaiti 60 ni megabiti 480, kwa hiyo kulipandisha lote kunachukua sekunde 240, yaani dakika nne. Gemu ikijihifadhi kila baada ya dakika tano, njia yako ya kupakia iko wazi dakika moja tu kati ya tano. Amri unazotuma kwa seva ya gemu ni ndogo sana, lakini zinapanga foleni nyuma ya faili hilo. Kupakua kwaweza kubaki kwa kasi kubwa kabisa, ndiyo maana mtu anasema "intaneti yangu iko vizuri" huku anapigwa risasi akiwa ameshajificha.

Kupima ni rahisi. Acha amri hii iendelee kwenye dirisha la Command Prompt wakati unacheza:

```
ping -t 1.1.1.1
```

Milisekunde zikiruka kutoka 40 hadi mia kadhaa, kisha zikarudi zenyewe baada ya dakika chache, andika `resmon` kwenye menyu ya Start uifungue, nenda Network, upange kwa Send. Jina la juu kabisa ndilo mhusika.

Dawa ni mbili. OneDrive inakuruhusu kusimamisha usawazishaji kwa saa 2, 8 au 24. Au weka kikomo cha kupakia kwenye mipangilio yake: megabiti 2 ni kama kilobaiti 250 kwa sekunde, basi mpe 100, nafasi ibaki. Mimi napendelea kikomo, kwa sababu anayesimamisha kisha akazima kompyuta anaweza kwenda kwenye mashine nyingine akakuta maendeleo ya zamani, na hapo nakala mbili zinaanza kugombana.

Dhana: Nimeweka Active hours, kwa hiyo masasisho hayatapakuliwa nikicheza.

Active hours ya Windows inazuia kompyuta kujiwasha upya tu. Upakuaji unaendelea. Ukitaka kuubana, ingia kwenye mipangilio ya Delivery Optimization uweke kikomo cha kasi, au uweke mtandao wako kuwa Metered connection, yaani mtandao wa kubana matumizi ya data, ingawa hata hapo Windows hujiachia ruhusa ya masasisho inayoyaona ya dharura.

Steam kwa kawaida husimamisha upakuaji gemu ikiwa inaendelea, lakini inajua gemu iliyozinduliwa kupitia kwake tu. Ukicheza ya kizinduzi kingine, Steam inaendelea kupakua kama kawaida. Na kupunguza kasi ya intaneti hakutoshi ikiwa gemu yako iko kwenye diski ya kuzunguka, kwa sababu kinachopakuliwa lazima kifunguliwe na kuandikwa. Utaona upakuaji umeshuka hadi sifuri huku diski ikiwa asilimia 100. Hapo bonyeza kitufe cha kusimamisha, si kikomo cha kasi.