Bima ya jengo na jina la benki kwenye hati: watu wanavyodhani na ilivyo kweli

Ukichukua mkopo wa nyumba benki inakwambia ukate bima ya jengo na jina lao liandikwe kwenye hati ya bima, na hapo ndipo kila mtu anakuja na tafsiri yake. Nitatumia mfano mmoja wa namba mpaka mwisho tusichanganyane: deni lililobaki ni milioni 60, kuijenga nyumba upya ni milioni 80, kiwanja peke yake kinauzika milioni 30.

Dhana: Benki ina kiwanja changu, bima ya nini tena?

Ukweli: piga hesabu tu. Nyumba ikiungua yote dhamana inayobaki ni kiwanja cha milioni 30 na wewe bado unadaiwa milioni 60, kwahiyo nusu ya deni iko hewani. Na deni halifutiki kwa sababu nyumba haipo, mkopo ulikopa wewe, haikukopa nyumba. Rejesho la mwezi ujao liko palepale hata kama unalala kwa shemeji. Benki inajua mtu anayelipa kodi sehemu nyingine huku analipia jivu hafiki mbali, ndio maana mikataba mingi ya mkopo inataka bima iwepo kuanzia siku ya kwanza mpaka deni liishe.

Dhana: Nikifa au nikifukuzwa kazi hii bima italipa mkopo

Ukweli: hapana, hiyo ni bima nyingine kabisa, ya maisha au ya ulinzi wa mkopo. Hii inahusu jengo: moto, radi, dhoruba, mabomba kupasuka na mengine yaliyoandikwa kwenye mkataba wako. Vyombo vya ndani pia havimo mpaka uvikatie.

Dhana: Nadaiwa 60, nakata bima ya 60, benki imeridhika na mimi nimeokoa premiamu

Ukweli: hii ndio inayoumiza watu kuliko zote. Kiasi cha kukatia bima kinatakiwa kiwe gharama ya kujenga upya, yaani vifaa, mafundi, kusafisha kifusi, ada za mchoraji na vibali. Siyo deni, na siyo bei ya soko maana bei ya soko ina kiwanja ndani yake na kiwanja hakiungui.

Sasa tuseme moto umeanzia jikoni, umekula paa na vyumba viwili, kutengeneza ni milioni 24. Mtu anasema si shida, 24 ni ndogo kuliko 60, nitalipwa yote. Mkaguzi wa hasara anakuja anapima nyumba, anakuta thamani ya kuijenga upya ni 80 na wewe umekatia 60, yaani robo tatu tu. Kama mkataba una kipengele cha uwiano, na mikataba mingi ya majengo inacho, unalipwa robo tatu ya hasara, milioni 18, na humo bado wanatoa kile kiasi cha kwanza ambacho kila klemu unabeba mwenyewe. Milioni 6 inayopungua unaitafuta wewe, na benki haitakuongezea.

Na ikiungua yote? Unalipwa 60 kwa sababu ndio mwisho wa ulichokatia, benki inaweza kuzichukua zote deni likaisha, halafu wewe unabaki na kiwanja na kifusi. Ungekata ya 80, hata benki ikichukua 60 zake kuna 20 za kwako, au mnakubaliana zote ziende kwenye ujenzi na mkopo uendelee kama kawaida.

Dhana: Jina la benki likiwa pale, basi bima ni yao na mimi sina changu

Ukweli: mwenye bima ni wewe, klemu unafungua wewe. Kuandikwa kwa maslahi ya benki maana yake kampuni ya bima imetaarifiwa kwamba kuna mtu mwingine ana haki kwenye hilo jengo, kwahiyo isije ikakulipa wewe kimyakimya ukaondoka na hela. Klemu ndogo mara nyingi inalipwa kwako moja kwa moja au kwa fundi. Ile kubwa, hundi inatoka kwa majina yote mawili au inaenda benki, na benki inaitoa kwa awamu: ya kwanza mafundi waanze, inayofuata mkaguzi akishaona paa limepanda, ya mwisho kazi ikiisha. Inakera sana hasa fundi akiwa anadai, ila ukiielewa mapema utaandika mkataba wa fundi kwa awamu hizohizo badala ya kumuahidi nusu ya hela siku ya kwanza.

Mara nyingi pia kampuni inaahidi kuijulisha benki kabla ya kufuta bima au ikiisha bila kulipiwa. Wewe unadhani hakuna aliyeona umeacha kulipa, kumbe barua ilishafika.

Dhana: Jina likishaandikwa benki iko salama kwa lolote

Ukweli: inategemea limeandikwaje, na hapa hata wafanyakazi wa benki wenyewe wanachanganya. Kuna kutajwa tu kwamba benki ina maslahi au ndiyo ya kulipwa, hapo benki inasimama kwenye haki yako wewe: ukidanganya kwenye fomu au ukichoma nyumba mwenyewe, klemu inakataliwa na benki nayo inakosa. Halafu kuna kipengele kamili cha kumlinda mkopeshaji, hicho kinasema kosa la mwenye nyumba halivunji haki ya benki. Mwenye nyumba akidanganya kampuni inamkatalia yeye lakini inailipa benki deni lake. Na usifikiri hapo umepona, kampuni ikishailipa benki inaweza kuchukua nafasi ya benki na kukudai wewe hizo hela.

Kwahiyo nyumba ukiiacha tupu miezi, au ukageuza chumba cha mbele kuwa karakana, waambie kampuni ya bima. Mikataba mingi inapunguza kinga nyumba ikikaa bila mtu zaidi ya siku 30 au 60, soma yako inasemaje.

Dhana: Nikiacha kulipia bima ni mimi na hatari yangu, benki haiwahusu

Ukweli: kwenye mkataba wa mkopo hilo ni kosa kama kuchelewesha rejesho. Kitu wanachofanya kwa kawaida ni kukata bima wenyewe na kuiweka juu ya deni lako, na inaanza kula riba. Huwa ni ghali zaidi na mara nyingi inalinda pale benki inapoishia tu, kwa mfano wetu 60, siyo zile 20 za kwako. Ukikata ya kwako watumie hati mara moja na waulize kwa maandishi ile yao imesimamishwa tarehe gani, maana kuna watu wanalipia mbili kwa miezi bila kujua.

Dhana: Mkopo ukiisha jina la benki linajitoa lenyewe

Ukweli: halijitoi. Chukua barua ya kumaliza deni, peleka kampuni ya bima, omba hati mpya isiyo na benki. Fanya hivyohivyo ukihamisha mkopo kwenda benki nyingine, la sivyo siku ya klemu hundi inatoka kwa jina la benki ambayo hamjuani tena, na mafundi wanakusubiri wakati wewe unatafuta nani asaini.